Maswali ya "Tunawezaje": mwongozo wa kugeuza tatizo la jumla kuwa njia nyingi za mradi

Vikundi vya vijana na wanafunzi wa vyuo huuliza swali moja kila mara: "Tatizo tumeshalichagua, sasa tufanye mradi gani?" Ukitaka kujua tatizo lenyewe, utatajiwa maneno mawili matatu: ajali za bodaboda, uchafu mtaani, ajira kwa vijana. Ukisubiri kidogo tu, mradi nao unatajwa: tutatoa elimu. Fulana zitachapishwa, turubai litafungwa, mgeni rasmi atakuja, na wiki inayofuata mambo yatakuwa yaleyale.

Kati ya kutaja tatizo na kuchagua mradi kuna kazi ambayo wengi huiruka, nayo ni kuligeuza tatizo kuwa maswali yanayoanza na "Tunawezaje". Kazi hiyo huchukua mchana mmoja, na ukiifanya vizuri unatoka na njia nyingi za kuchagua badala ya moja uliyoizoea. Nitaeleza kwa mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: ajali za bodaboda, hasa abiria asiyevaa helmeti. Wewe weka tatizo lako mahali pa huo wa kwangu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watu 4 hadi 8. Wakizidi hapo, gawa makundi mawili.
- Angalau mtu mmoja anayeishi na tatizo hilo. Kwa mfano wetu, dereva wa bodaboda na abiria wa kila siku. Mlipe muda wake, maana dereva aliyekaa na wewe mchana mzima amepoteza hesabu ya siku.
- Karatasi ndogo za kubandika. Kama hamna, kata karatasi za A4 vipande vinane vinane na tafuta gundi ya karatasi.
- Kalamu nene, moja kwa kila mtu. Kalamu nyembamba humfanya mtu aandike insha, na aliye nyuma haisomi.
- Ukuta mtupu, na saa 3 zisizo na simu.
- Maelezo ya mazungumzo na watu 6 hadi 10 wanaohusika, yaliyoandikwa karibu na maneno yao wenyewe.

Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana mara nyingi. Bila hayo mazungumzo mtaandika maswali mazuri kuhusu watu mliowatunga vichwani, kwa hiyo ahirisheni kikao na mwende kijiweni kwanza.

## Hatua ya 1: Punguza tatizo mpaka liwe na mtu, mahali na wakati

"Ajali za bodaboda" si tatizo la kufanyia kazi. Ndani yake kuna barabara, leseni, pombe, mwendo, mishikaki, bima, huduma ya kwanza na mengine. Chukua karatasi, uandike tatizo kama watu wanavyolisema, kisha ujiulize mara tatu: ni nani hasa? Wapi? Wakati gani?

Kwetu inashuka hivi:

- Ajali za bodaboda.
- Abiria wa bodaboda wanaoumia kichwani.
- Abiria wanaoshuka kwenye daladala jioni na kupanda bodaboda safari fupi ya kumalizia kufika nyumbani, bila helmeti.

Huo mstari wa tatu ndio wa kufanyia kazi. Watu huogopa kwamba wakipunguza hivi watakuwa wameacha mambo makubwa. Yapo, hayajaenda popote. Tatizo la barabara mbovu mtalirudia siku nyingine kwa karatasi nyingine.

## Hatua ya 2: Toa mambo uliyoyaona, si maoni

Soma yale maelezo ya mazungumzo. Kila jambo la kushangaza, la kupingana au la kurudiwarudiwa liandike kwenye karatasi yake. Andika kilichoonekana au kusemwa, usiandike hukumu. "Abiria hawajali usalama" ni hukumu. "Abiria aliipokea helmeti, akanusa ndani, akairudisha" ni jambo lililoonekana.

Kaa jioni moja kwenye kijiwe chochote karibu na kituo cha daladala, uangalie. Helmeti ya pili mara nyingi ipo, imening'inia kwenye usukani au imefungwa kwa mpira nyuma ya siti. Ukiishika, sponji la ndani limelowa jasho la mchana kutwa na limeanza kubanduka pembeni. Kifungio cha kamba kimevunjika, kwa hiyo dereva amefunga fundo la kudumu kwenye kamba ili ionekane kama imefungwa. Abiria anaitumbukiza kichwani kama sufuria. Kwa nje dereva ametii, kwa ndani helmeti hiyo itaruka mwanzoni kabisa mwa ajali, kabla kichwa hakijagusa chini.

Mengine utakayoyakuta:

- Mwanamke aliyesuka nywele juzi, au aliyevaa hijabu vizuri, hataki kitu kizito cha kubana juu yake.
- Dereva anaogopa kusisitiza, kwa sababu nyuma yake wamepanga foleni wenzake wanne wasiosisitiza.
- Bosi mwenye pikipiki ametoa helmeti moja tu. Ya pili dereva ajinunulie.
- Helmeti ikiachwa kwenye pikipiki inaibiwa.
- "Ni hapo tu." Safari ni ya dakika tano, na trafiki wako barabara kuu, si vichochoroni.
- Wanaoenda mbali, au wanaopitia barabara kuu, huomba helmeti wenyewe.

Hilo la mwisho lipigie mstari. Ukikuta mahali ambapo tatizo halipo, hapo kuna dhahabu.

## Hatua ya 3: Andika sentensi ya msingi

Sentensi moja yenye sehemu tatu: mtu, haja yake, na sababu uliyoibaini.

*Mama anayerudi kutoka kazini jioni, aliyesuka nywele juzi, anahitaji kufika nyumbani salama kwenye safari ya dakika tano bila kugusa jasho la abiria waliomtangulia, kwa sababu kwake kupata fangasi kichwani ni hatari anayoiona, na ajali ni hatari asiyoiona.*

Angalizo: haja iandikwe kama jambo mtu analotaka kulifanya, si kitu anachotaka kupewa. Ukiandika "anahitaji helmeti safi", umeshachagua jibu, na kila swali litakalofuata litahusu usafi wa helmeti tu. Hapo juu nimeandika "kufika nyumbani salama bila kugusa jasho". Helmeti haijatajwa, kwa makusudi.

Andika sentensi kama hizi mbili au tatu kwa watu tofauti. Dereva awe na yake. Haja yake si usalama wa abiria. Ni kutompoteza mteja huku akikwepa lawama ajali ikitokea.

## Hatua ya 4: Geuza sentensi kuwa maswali, kwa pembe tofauti

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, itengee saa nzima. Kila mtu aandike kimya kwa dakika 10, swali moja kwa karatasi moja, kila swali likianza na "Tunawezaje". Kisha bandikeni ukutani na kusomeana. Msijibu swali lolote kwa sasa.

Mkiambiwa tu "andikeni maswali", mtaandika matano yanayofanana na kukwama. Tumieni pembe. Hizi ndizo zinazozaa zaidi:

Ondoa kero. Chukua jambo linalokera na uulize bila lenyewe. *Tunawezaje kumfanya abiria wa kumi wa siku avae helmeti kwa moyo mweupe kama abiria wa kwanza? Tunawezaje kulinda kichwa cha mwanamke aliyesuka bila kuharibu kazi ya msusi wake?*

Kuza kizuri kilichopo. Rudi kwenye ile karatasi uliyoipigia mstari. Wanaoenda mbali huomba helmeti wenyewe. *Tunawezaje kuifanya safari ya dakika tano ionekane nzito kama safari ya barabara kuu?* Halafu kuna mteja wa kila siku, yule anayempigia dereva simu asubuhi aje amchukue. Huyo na dereva wake wanajuana na wanadaiana, tena wana mazoea. *Tunawezaje kumpa abiria wa mara moja uhusiano na helmeti alio nao mteja wa kila siku?*

Pindua. Leo dereva anapoteza mteja kwa kusisitiza. *Tunawezaje kufanya dereva apoteze mteja kwa kutokuwa na helmeti?* Kwenye vikao pembe hii huleta kicheko kwanza, halafu kimya, kwa sababu watu wanaona kwamba inawezekana. Kigali abiria wa pikipiki kuvaa helmeti ni jambo la kawaida kabisa, na dereva hubeba ya pili kama anavyobeba mafuta kwenye tangi. Kwa hiyo si ndoto.

Hoji kinachodhaniwa lazima. Andika kila kitu ambacho watu wanakichukulia kuwa hakibadiliki: helmeti ni ya dereva, inatembea na pikipiki, moja inavaliwa na watu wote. Kisha uondoe kimoja kimoja. *Tunawezaje kuifanya helmeti iwe mali ya abiria? Au mali ya kijiwe? Tunawezaje kuifanya imsubiri abiria kituoni badala ya kufika na pikipiki?*

Kopa kwingine. Uliza ni wapi watu wanachangia kitu kinachogusa mwili bila kuona kinyaa. Kwa kinyozi: mashine ileile inapita vichwa vingi kwa siku, na wateja wanarudi. Kwa nini? Kwa sababu kinyozi anapiga spiriti mbele ya macho yako na kukuzungushia kitambaa shingoni kabla hajaanza. Wewe umeona, basi umeridhika. *Tunawezaje kufanya usafi wa helmeti uonekane kwa macho, kama spiriti ya kinyozi?* Hilo ni tofauti kabisa na kuuliza jinsi ya kuisafisha. Helmeti inaweza kuwa imesafishwa asubuhi, lakini asiyeona hana sababu ya kuamini.

Tafuta nguvu isiyotumika. Nani yuko karibu na tatizo na hajaombwa kitu? Kijiwe kina mwenyekiti, katibu, mfuko wa michango na faini za ndani. Wasusi wanajua mitindo yote ya nywele ya mtaa. Wanaoosha pikipiki wanazishika kila siku. *Tunawezaje kuzitumia kanuni ambazo kijiwe kimeshajiwekea? Tunawezaje kumfanya msusi awe mshauri wa nini kivaliwe chini ya helmeti?*

Vunja vipande. Igawe safari katika dakika zake: abiria anashuka daladala, anaitwa, wanapatana bei, anapanda, anaondoka, anashuka, analipa. Helmeti inatokea wapi? Kwa kawaida baada ya kupanda, kama ikitokea. Wakati huo abiria ameshakaa, mikoba imeshapangwa mapajani, mkono mmoja umeshika mfuko wa nyanya. *Tunawezaje kuifanya helmeti ifike mkononi mwa abiria kabla hawajapatana bei? Tunawezaje kuifunga kamba kwa mkono mmoja?*

Mkimaliza, ukuta uwe na maswali 30 au zaidi. Yakiwa 12, rudieni pembe mbili ambazo hamkuzigusa.

Makosa ya kuyakamata hapohapo ukutani:

Swali lenye jibu tumboni. "Tunawezaje kutengeneza programu ya simu ya helmeti?" Hilo si swali, ni mradi uliovaa kiulizi. Uliza: programu hiyo ingemsaidia nani kufanya nini? Jibu la hapo ndilo liandikwe.

"Tunawezaje kuelimisha" na "Tunawezaje kuhamasisha". Haya ni yaleyale, majibu yaliyojificha, ila tumeyazoea mno hatuyaoni. Mimi huyapiga marufuku kabisa kwa saa ya kwanza. Yanabeba dhana kwamba mtu hajui. Yule mama anajua vizuri kwamba kichwa kikigonga lami kinapasuka. Tatizo lake ni jasho. Kama mazungumzo yenu yalionyesha kweli kwamba kuna jambo watu hawalijui, taja jambo lenyewe: *Tunawezaje kumwezesha abiria kutambua kwa sekunde tano kamba ambayo haifungi?*

Swali la kukataza. "Tunawezaje kuwazuia abiria kukataa helmeti?" litaleta faini na vitisho, basi. Ligeuze litaje unachotaka kitokee.

Maswali mawili ndani ya moja. Ukiona "na" katikati, kata, tengeneza karatasi mbili.

## Hatua ya 5: Pima upana wa kila swali

Swali likiwa pana mno, watu watakodoa macho. Likiwa jembamba mno, majibu yote yatakuwa jibu moja lililobadilishiwa nguo. Kipimo ninachokiamini ni cha dakika mbili: chukua swali, kila mtu aseme majibu haraka bila kuyachuja. Mkipata matano ambayo angalau matatu ni ya aina tofauti (kitu, kanuni, huduma, mpangilio), swali linafaa.

Tazama maswali haya matatu:

- *Tunawezaje kufanya usafiri wa bodaboda uwe salama?* Pana. Hakuna pa kushika.
- *Tunawezaje kushona kitambaa cha pamba cha kuvaa ndani ya helmeti?* Jembamba. Kilichobaki ni kuchagua rangi.
- *Tunawezaje kumpa kila abiria hisia kwamba helmeti hii haijavaliwa na mwingine?* Linafaa.

Kupanda juu, uliza "ili iweje?" Kitambaa cha pamba, ili iweje? Ili asiguse jasho. Ili iweje? Ili aone helmeti kama yake. Kushuka chini, uliza "nini kinazuia?" Bodaboda salama, nini kinazuia? Abiria hawavai. Nini kinazuia? Kinyaa. Hatua moja au mbili hutosha.

Kupanda ngazi hivi kuliwahi kuokoa sabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Procter & Gamble ilikuwa inahangaika kushindana na sabuni ya Irish Spring ya Colgate-Palmolive, iliyokuwa na mistari ya kijani. Timu ilikuwa imezama kwenye swali la jinsi ya kutengeneza kipande bora chenye mistari ya kijani. Min Basadur, aliyekuwa akiwasaidia kufikiri, aliwapandisha: mistari hiyo ili iweje? Ili mtu ajisikie ameburudika. Swali likawa namna ya kutengeneza sabuni yao wenyewe yenye kuburudisha zaidi, mawazo yakamiminika, na mwisho wake ukawa sabuni ya Coast, yenye hisia ya pwani na bahari. Mistari ya kijani haikuhitajika tena.

Kwa miradi ya kijamii kosa huwa kinyume: sisi tunakwama juu. Kwa hiyo mara nyingi utakuwa unashuka.

## Hatua ya 6: Panga, kisha chagua maswali matatu

Kusanyeni yanayofanana pamoja. Kila fungu lipe jina fupi: *kinyaa*, *nywele*, *dereva na mteja*, *helmeti ni ya nani*, *kamba*. Majina yatatoka yenyewe kwenye karatasi, msilazimishe.

Kila mtu apewe nukta tatu za kuweka kwenye maswali anayoona yana nguvu. Pigeni kura pamoja na dereva na abiria mliowaalika, tena wao waanze. Wakitangulia wenye shahada, dereva na abiria watafuata nukta zilizokwisha kuwekwa.

Chagueni matatu kutoka mafungu tofauti. Moja liwe lile linaloonekana jepesi, moja lile la katikati, na moja linalowatia hofu kidogo. Kwa mfano wetu:

A. Tunawezaje kumpa kila abiria hisia kwamba helmeti hii haijavaliwa na mwingine?
B. Tunawezaje kuifanya helmeti ifike mkononi mwa abiria kabla hawajapatana bei?
C. Tunawezaje kufanya dereva apoteze mteja kwa kutokuwa na helmeti?

## Hatua ya 7: Toa njia za mradi kwenye kila swali

Sasa ndiyo ruhusa ya kujibu. Dakika 10 kwa kila swali, karatasi moja kwa wazo moja, hakuna kuhukumu. Baada ya hapo chambueni, na kila wazo linalobaki liandikwe kama njia ya mradi: nani anafanya nini, na tutaijaribu vipi ndani ya wiki moja kwa fedha kidogo.

Swali A likishaiva linatoa njia kama hizi:

1. Kikofia chepesi cha kuvaa ndani ya helmeti, kinachotolewa kwa abiria mbele ya macho yake. SafeBoda ya Kampala iliwahi kwenda njia hii, madereva wake wakibeba helmeti ya pili pamoja na kofia za wavu za kufunika nywele. *Jaribio:* madereva watatu, vikofia 50, hesabuni wangapi wanavaa kabla na baada.
2. Mteja wa kila siku anakuwa na helmeti yake, yenye jina lake, anayoihifadhi dereva. *Jaribio:* madereva wawili na wateja wao watano.
3. Sponji la kubandua na kubandika, linalofuliwa na wanaoosha pikipiki, seti mbili kwa kila helmeti. *Jaribio:* fundi mmoja wa viti ashone seti sita.
4. Dereva afute ndani kwa kitambaa safi chenye maji ya sabuni mbele ya abiria, kwa mtindo wa kinyozi. *Jaribio:* dereva mmoja, jioni tano, gharama karibu sifuri.
5. Abiria anunue helmeti yake na kuiacha kwenye duka au banda la wakala wa pesa karibu na kituo. *Jaribio:* duka moja, abiria wanne.

Swali B linakwenda upande mwingine kabisa: aliye mbele kwenye foleni ashike helmeti mkononi, na kunyoosha helmeti ndiyo iwe namna ya kumwita mteja, au ndoano ya kuning'iniza helmeti ipandishwe mahali ambapo abiria anaichukua mwenyewe. Swali C linaingia kwenye kanuni: mwenyekiti wa kijiwe akubali kwamba asiye na helmeti ya pili yenye kamba nzima haingii kwenye foleni, au saluni na shule za jirani ziwapigie simu tu madereva wenye nazo. Maswali matatu, na mmeshavuka njia 8 bila kutaja semina.

Angalizo la mfano huu: kinachopokea pigo ndani ya helmeti ni lile povu gumu jeupe lililo kati ya ganda na sponji laini. Njia yoyote inayolikata, kulitoboa, kulipunguza ili nywele zipate nafasi au kulisafisha kwa petroli au tina, ifutwe. Kikofia cha ndani kisiwe kinene kiasi cha kufanya helmeti icheze kichwani. Kwa tatizo lako pia kutakuwa na kitu cha namna hii ambacho hakiguswi. Kijue kabla ya kujaribu kwa watu.

## Mambo yakikwama

Watu wanajibu badala ya kuuliza. Tenga kona ya ukuta, iite maegesho. Kila jibu linaloruka liandikwe na kupelekwa huko. Mtu akishaona wazo lake limehifadhiwa, anatulia.

Mmoja anaongea, wengine wanaitikia. Mara nyingi ni mwenyekiti au aliyeleta fedha. Usimkatize, badilisha utaratibu: kuandika kimya, karatasi bila majina, msomaji awe mtu mwingine.

Maswali yote yanaelea hewani. Yana maneno kama "jamii", "mazingira rafiki", "ushirikishwaji". Rudi hatua ya 2, chukua karatasi moja yenye kitu kinachoshikika, mfano fundo kwenye kamba, na mwandike maswali kuhusu fundo tu kwa dakika tano.

Dereva aliyealikwa anacheka kila swali. Mwulize anachochekea. Dereva akikuambia "hata mkitoa helmeti mpya bure, kesho bosi ataziuza", amekupa sentensi mpya ya msingi, yenye mtu ambaye hamkumfikiria: mwenye pikipiki. Iandike na mpitie hatua ya 4 upya kwa pembe mbili tu.

Mfadhili ameshaandika "semina" kwenye bajeti. Msigombane naye. Pandeni ngazi mkiwa naye: semina ili iweje? Akisema ili abiria wavae, mwonyesheni maswali A, B na C, na mwombe sehemu ndogo ya fedha za semina iende kwenye jaribio la wiki moja. Hesabu ya waliovaa kabla na baada huongea naye vizuri kuliko nyinyi.

Jaribio limefeli. Angalia lilifeli wapi kabla ya kulitupa. Abiria wamekataa kikofia cha ndani? Kama walikikataa kwa sababu walidhani nacho kimevaliwa na mwingine, swali A bado ni zima, ila njia ya 1 inahitaji kikofia kitolewe kwenye pakiti iliyofungwa. Kama walikubali kikofia lakini wakaacha helmeti kwa sababu kamba haifungi, basi tatizo si kinyaa tena. Toa swali A ukutani, bandika la kamba mahali pake, na uanze hatua ya 7 kutoka hapo.